Kwa nini jina la kazi bado lina uzito: historia fupi ya neno na maana

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nachimba kosa moja katika programu niliyoiandika mwenyewe, na kadiri nilivyochimba ndivyo nilivyogundua kwamba msimbo hauna kosa lolote. Programu ilifanya kila kitu nilichoiambia, ila aliyeumia ni mtu wa nyumbani.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka michache iliyopita niliandikia kampuni moja hapa Nairobi programu ya kupanga maombi ya kazi. Watu wanatuma wasifu, programu inausoma, inawapanga kwa alama, na afisa wa kuajiri anaanza kusoma kutoka juu. Mwaka jana kampuni hiyo ilitangaza nafasi ya `Systems Administrator`. Maombi 340 yakaingia. Mmoja wa walioomba alikuwa binamu yangu, na hakuniambia. Miaka sita amefanya kazi katika serikali ya kaunti akitunza seva za Linux, nakala za akiba za hifadhidata na mtandao wa ofisi nne. Barua yake ya kazi inamtaja kama `ICT Officer`. Hakuitwa hata kwa mahojiano.

Aliponisimulia, akiwa hajui ni nani aliyeandika programu ile, aliniuliza, "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa tarakilishi. Siku hizi si mashine zinaelewa maana? Mbona haikuona kwamba kazi ni ile ile?" Nikamwomba nakala ya wasifu wake, nikaipitisha katika nakala ya majaribio ya programu yangu. Jibu nililopata limenirudisha nyuma kabisa, hadi kwenye kadi za karatasi za miaka ya 1930. Tuanzie huko.

Mwaka 1933, Marekani ikiwa katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, bunge lao lilipitisha sheria iliyojulikana kama Wagner-Peyser, iliyofufua ofisi za serikali za kuwatafutia watu kazi. Karani alikuwa na kadi za wasiokuwa na kazi upande mmoja na maombi ya waajiri upande wa pili. Tatizo lilijitokeza mapema: kazi moja ilikuwa na majina matano, na jina moja lilikuwa na kazi tano. Kiwanda hiki kinamwita mtu fundi, jirani yake anamwita mwendesha mashine. Suluhisho lilikuwa kitabu. Mwaka 1939 walichapisha kamusi ya majina ya kazi, `Dictionary of Occupational Titles`, yenye maelezo ya kazi zipatazo 17,500, kila moja ikiwa na namba yake ya msimbo. Karani hakulinganisha majina tena, alilinganisha namba. Kwa lugha yetu ya leo, huo ulikuwa ulinganishaji wa maana, ila maana iliwekwa kwa mkono na binadamu aliyekaa chini akaamua kwamba majina haya matatu ni kazi moja.

Wakutubi nao walifikiri hivyo hivyo kuhusu vitabu na makala. Imani yao ilikuwa kwamba maneno ya mwandishi ni fujo, na kwamba ni lazima mtaalamu ayabadilishe kuwa istilahi rasmi ndipo mtu aweze kutafuta. Halafu akaja Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha uanaanga cha Cranfield, Uingereza, akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya sawasawa: akapima. Katika jaribio lake la pili, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 1966, alichukua makala 1,400 na maswali ya watafiti halisi, akajaribu njia 33 tofauti za kuandika faharasa. Njia zilizofanya vizuri zaidi hazikuwa zile za istilahi zilizopangwa kwa ustadi. Zilikuwa za maneno moja moja, yaliyochukuliwa jinsi yalivyo kutoka katika makala yenyewe. Watu wa fani hawakufurahi, na Cleverdon mwenyewe hakutarajia. Mimi nilisoma habari hii chuoni nikaipita haraka haraka, maana nilidhani ni ya wazee. Leo naiona kuwa ndiyo kiini cha mambo yote.

Hatua iliyofuata ni ya Karen Spärck Jones wa Cambridge. Huyu mama alianza na maana hasa. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1964 ilihusu maneno yenye maana sawa na jinsi ya kuyaweka katika makundi. Lakini makala iliyompa jina duniani, ya mwaka 1972, haina habari ya maana hata kidogo. Inasema hivi: neno linalopatikana katika hati chache lipewe uzito mkubwa, na neno lililo kila mahali lipewe uzito mdogo. Basi. Unachukua jumla ya hati, unagawa kwa idadi ya hati zenye neno hilo, unachukua logi ya jibu. Injini za kutafuta tunazotumia hadi leo zimejengwa juu ya wazo hilo, pamoja na kanuni ya `BM25` iliyotoka kwa akina Stephen Robertson huko London katika miaka ya 1990, ambayo ndiyo chaguo la kawaida la `Elasticsearch`.

Shikilia wazo hilo la neno adimu, tutalihitaji.

Wale wa upande wa maana hawakulala. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walichapisha utafiti ambao kila mwandishi wa programu angepaswa kuusoma. Waliwaomba watu wavipe majina vitu na amri za kawaida, wakapima ni mara ngapi watu wawili huchagua neno moja kwa kitu kimoja. Ilikuwa chini ya mara 20 katika 100. Yaani ukimpa mwajiri kazi aitaje na ukampa mfanyakazi kazi ile ile aitaje, kuna uwezekano mkubwa wasikutane. Kutokana na tatizo hilo, kundi lenye baadhi ya watu hao hao lilitoa mwaka 1990 njia ya kihesabu ya kuyasogeza karibu maneno yanayotokea katika mazingira yanayofanana, hata kama hayajawahi kukaa katika hati moja. Hicho ndicho babu wa `word2vec` ya mwaka 2013 na `BERT` ya mwaka 2018. Kila neno, au kila sentensi, inakuwa vekta, yaani orodha ndefu ya namba, na maana zinazokaribiana zinakuwa na vekta zinazoelekea upande mmoja.

Wakati huo huo ofisi za kuajiri zilikuwa zimekwisha kwenda njia yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilianzishwa California kampuni ya Resumix, ambayo programu yake ilisoma wasifu wa karatasi kwa skana na kung'oa humo majina ya ujuzi. Hata idara za jeshi la Marekani ziliitumia kuajiri raia. Kisha mtandao ukaja na tovuti za kazi zikafuata, na maafisa wa kuajiri wakajifunza kuandika vitu kama `"systems administrator" AND linux` kwenye kisanduku cha kutafutia. Tabia hiyo wameishika vidoleni hadi leo. Unaweza kuwawekea vekta za kila aina nyuma ya kisanduku, mkono bado unaandika alama za kunukuu.

Sasa turudi kwa binamu.

Toleo la kwanza la programu yangu lilitumia maneno tu. Kabla ya kulinganisha, hifadhidata hukata miisho ya maneno ya Kiingereza ili ibaki na shina. Ukitumia PostgreSQL unaweza kujionea mwenyewe:

```
SELECT to_tsvector('english', 'Systems Administrator');
-- 'administr':2 'system':1
SELECT to_tsvector('english', 'Business Administration');
-- 'administr':2 'busi':1
SELECT to_tsvector('english', 'ICT Officer');
-- 'ict':1 'offic':2
```

Tazama mstari wa pili. Mtu mwenye shahada ya biashara anapata shina lile lile la `administr` analotakiwa kuwa nalo mtunza seva. Na hilo `offic` la binamu yangu ndilo shina la `Microsoft Office`, ambayo Wakenya wote wameiandika katika wasifu wao tangu kidato cha nne. (Sisi waandishi wa programu tusicheke. Kikata-miisho hicho hicho hugeuza `programming` kuwa `program`, lakini `programmer` hukigeuza kuwa `programm`, na viwili hivyo havikutani kamwe.)

Katika maombi 340, shina `administr` lilikuwa kwenye 170, na `system` kwenye 150, kwa sababu ya shahada zenye `Information Systems`. Ukipiga hesabu ya Spärck Jones kwa logi asilia, la kwanza linapata uzito wa 0.69 na la pili 0.82. Ni uzito mdogo. Kwa hiyo mimi, nikijiona mjanja, niliiambia programu ihesabu pia maneno mawili yanayofuatana kama neno moja. `Systems Administrator` kama jozi ilipatikana katika wasifu 34 tu. 340 gawa kwa 34 ni 10, na logi yake ni 2.3. Jozi hiyo peke yake ina uzito kuliko maneno yake mawili yakijumlishwa. Isitoshe, nilikuwa nimeagiza kwamba kinachopatikana katika sehemu ya jina la kazi kizidishwe mara tatu, kwa sababu jina la kazi huwa linasema mengi kwa maneno machache.

Jina la kazi lililoandikwa vile vile kama tangazo linapata uzito mkubwa kwa sababu ni adimu, na hilo halihitaji mtu aliyekaa akapanga kuwapendelea wanaonakili. Maneno ya jumla kama `network`, `support` na `team` kila mtu anayo, kwa hiyo hayamtofautishi mtu na mwingine. Kwa maneno, binamu alishika nafasi ya 118.

Lakini programu haikuwa ya maneno tu tena. Nilikuwa nimeiongezea ulinganishaji wa maana, na huko alifanya vizuri: nafasi ya 12. Kwa nini hakuwa wa kwanza? Nilijaribu kuipa programu sehemu za wasifu wake moja moja. Aya zake kuhusu seva na nakala za akiba zilikuwa karibu sana na tangazo. Kilichomvuta nyuma ni kile kichwa, `ICT Officer`. Nilianza kuilaumu mashine, nikasema haijui Kenya. Halafu nikafikiri. Hapa kwetu `ICT Officer` anaweza kuwa mtu anayetunza seva mia, anaweza kuwa anayebadilisha wino wa printa, anaweza kuwa mwalimu wa tarakilishi. Mashine ilipotilia shaka jina lile ilikuwa na haki, kwa sababu jina lenyewe halisemi. Ulinganishaji wa maana hauwezi kutoa maana ambayo neno halina.

Sasa una orodha mbili, nafasi ya 118 na nafasi ya 12. Unaziunganishaje? Alama za orodha hizi mbili hazina kipimo kimoja, huwezi kuzijumlisha tu. Njia inayotumika sana ilielezwa mwaka 2009 na Cormack, Clarke na Büttcher, nayo haiangalii alama, inaangalia nafasi pekee:

```
alama = 1/(60 + nafasi_ya_maneno) + 1/(60 + nafasi_ya_maana)
```

Kwa binamu inakuwa 1/178 jumlisha 1/72, yaani 0.0195. Mwombaji mwingine, ambaye hakuwa mzuri sana popote, wa 30 kwa maneno na wa 40 kwa maana, anapata 1/90 jumlisha 1/100, yaani 0.0211. Amempita. Mtu wa wastani pande zote mbili amempita mtu aliyekuwa wa 12 kwa maana, na wa namna hiyo walikuwa wengi kiasi cha kumsukuma binamu nje ya 25 za kwanza, ambazo ndizo afisa alizosoma.

Nikabadilisha kitu kimoja tu katika wasifu wa majaribio. Palipoandikwa `ICT Officer` nikaandika `ICT Officer (Systems Administrator)`. Sikugusa kingine chochote. Kwa maneno akapanda hadi nafasi ya 8. Kwa maana akasogea hadi ya 10. Alama ikawa 1/68 jumlisha 1/70, yaani 0.0290, na akaingia kwenye kumi bora.

Unaweza kuuliza, si ningetupa maneno nibaki na maana tu? Nilijaribu, na matokeo yakaharibika kwingine: mtu anayetafutwa kwa cheti fulani au toleo fulani la programu anachanganywa na wenye vyeti vinavyofanana. Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2021 ulitoka mkusanyiko wa majaribio uitwao `BEIR`, uliopima njia hizi kwenye data za aina nyingi ambazo mifumo ya maana haikuwa imefunzwa kwazo. `BM25` ya zamani ilionekana kuwa imara kushangaza, na mifumo mingi ya vekta ilishindwa kuifikia. Cleverdon angetabasamu. Ndiyo maana wajenzi wengi wa injini za kutafuta huweka zote mbili, na zikiwekwa zote mbili, neno linabaki na kura yake.

Kuna mengine mawili niliyoyaona nilipofungua kumbukumbu za matumizi, na haya ndiyo yaliyonisikitisha zaidi. La kwanza, afisa wa kuajiri hakuanza na orodha yangu. Alianza kwa kuandika `"systems administrator"` ndani ya alama za kunukuu. Ukiweka alama hizo, programu inatafuta maneno hayo hasa, na vekta zote zinakaa kando. Akaona 34, akawapitia, ndipo akarudi kwenye orodha ya alama. La pili, kwenye skrini kila mwombaji ni mstari mmoja: jina, kazi ya mwisho, miaka ya uzoefu. Binadamu anayepitia mistari hiyo naye analinganisha neno kwa neno. Si mtu wa seva, na kwake `ICT Officer` ni yule kijana wa printa.

Nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba mashine hutupa asilimia 75 ya wasifu kabla binadamu hajauona. Mnaoisambaza takwimu hiyo, acheni, haina utafiti wa kuaminika nyuma yake. Programu yangu haikumkataa binamu. Wasifu wake uko pale hadi leo, mzima, kwenye ukurasa ambao hakuna aliyeufungua. Kinachokataa kweli kweli huwa ni maswali ya ndiyo na hapana kwenye fomu, kama una leseni au huna, na hayo huwekwa na mwajiri.

Binamu aliponiona nimeandika ile nyongeza kwenye mabano alisita. "Si huu ni uongo? Barua yangu haisemi hivyo." Swali zuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi kinachotaja aina ya kazi aliyofanya, na mwajiri mpya akipiga simu kuthibitisha ataambiwa jina lililo kwenye faili. Kwa hiyo jina rasmi linakaa mbele, halibadilishwi, na la tangazo linafuata ndani ya mabano kama maelezo ya kazi, tena pale tu ambapo aya za chini zinaonyesha ulikuwa unaifanya. Asiyewahi kugusa seva akiandika hivyo atapanda kwa maneno, lakini aya zake zitamvuta chini kwa maana, na swali la kwanza la mahojiano litammaliza. Kunakili tangazo zima kwa rangi nyeupe mwishoni mwa wasifu ndiyo kabisa usijaribu. Programu husoma maandishi bila rangi na kumwonyesha afisa maandishi hayo yote.

Nilimwambia ukweli kwamba programu ni yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, halafu akaniambia nitamlipia nauli ya kwenda Mombasa Krismasi. Nafasi yenyewe ilikuwa imekwisha kujazwa.

Kwa upande wangu, nilijaribu kurekebisha kama wale makarani wa 1939: nikaandika kamusi ndogo ya majina, nikaiambia programu kwamba `ICT Officer` na `Systems Administrator` ni sawa. Tangazo lililofuata, wale wa printa na walimu wa tarakilishi walijaa juu ya orodha, na afisa akanipigia simu asubuhi kuuliza nimefanya nini. Nimepunguza uzito wa kamusi hiyo hadi 0.4, na nimebadilisha ule mstari wa kwenye skrini ili chini ya jina la kazi ionekane pia sentensi ya wasifu iliyokaribiana zaidi na tangazo. Sehemu hiyo ilianza kutumika Jumatatu, kwa hiyo bado nahesabu ni mara ngapi afisa anafungua wasifu ambao jina lake la kazi halifanani na tangazo.